Kubadili namba ya kawaida kuwa baineri, kisha kujumlisha baineri mbili kwa mkono

Chukua karatasi na kalamu, kikokotoo kiweke kando. Tutabadili namba mbili, 78 na 93, kutoka msingi wa 10 kwenda msingi wa 2, halafu tutazijumlisha zikiwa humo humo kwenye baineri. Tunaanza na 78 na si 93, na sababu utaiona hapo chini.

Hatua ya 1: Gawanya kwa 2 mpaka ufike 0

Kila mara gawanya kwa 2, andika jibu, na pembeni andika baki. Baki haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa 0 au 1. Jibu ulilopata ndilo unaloligawanya tena kwenye mstari unaofuata.

```
78 ÷ 2 = 39   baki 0
39 ÷ 2 = 19   baki 1
19 ÷ 2 =  9   baki 1
 9 ÷ 2 =  4   baki 1
 4 ÷ 2 =  2   baki 0
 2 ÷ 2 =  1   baki 0
 1 ÷ 2 =  0   baki 1
```

Angalia mstari wa mwisho. Wanafunzi wengi wakiona jibu limekuwa 1 huweka kalamu chini, wakidhani 1 haigawanyiki tena kwa 2. Inagawanyika: jibu ni 0, baki 1. Ukiuacha mstari huo unapoteza tarakimu kubwa kuliko zote, na 78 yako inageuka kuwa 14. Ishara ya kujikagua ni rahisi: baki ya mwisho kabisa lazima iwe 1. Ikiwa ni 0, ama hujamaliza kugawanya, ama umekosea njiani.

Hatua ya 2: Soma baki kutoka chini kwenda juu

Baki ya chini kabisa inaandikwa kushoto, ya juu kabisa inaandikwa kulia. Kwa hiyo 78 ni 1001110.

Kwa nini chini kwenda juu? Wengi hufundishwa hili kama amri tu, na ndiyo maana hulisahau ndani ya chumba cha mtihani. Fikiria una viti 78 unavipanga viwili viwili. Unapata jozi 39 na hakuna kiti kilichobaki peke yake. Hiyo baki ya kwanza, 0, inahesabu viti vya mojamoja, hivyo mahali pake ni nafasi ya mwisho kulia, ile yenye thamani ya 1. Sasa ziunganishe jozi 39 mbili mbili: unapata makundi 19 ya viti vinne vinne, na jozi moja inabaki. Baki hiyo ya pili inahesabu jozi, kwa hiyo inakaa kwenye nafasi yenye thamani ya 2. Kila unaposhuka mstari mmoja, baki inahesabu makundi makubwa mara mbili ya yaliyotangulia. Ya mwisho inahesabu kundi la 64, nalo ndilo linalostahili kukaa kushoto kabisa.

Sasa hakiki. Chini ya kila tarakimu andika thamani ya nafasi yake, ukianzia kulia na kuzidisha kwa 2 kila unaposogea kushoto:

```
 1   0   0   1   1   1   0
64  32  16   8   4   2   1
```

Jumlisha thamani zilizo chini ya 1 peke yake: 64 + 8 + 4 + 2 = 78. Ungesoma baki kutoka juu kwenda chini ungeandika 0111001, ambayo ni 57, na uhakiki huu ungekuumbua papo hapo.

Fanya vivyo hivyo kwa 93. Baki zake kutoka juu ni 1, 0, 1, 1, 1, 0, 1, na jibu ni 1011101. Uhakiki: 64 + 16 + 8 + 4 + 1 = 93. Tazama kwamba 1011101 inasomeka vilevile kutoka upande wowote. Mtu aliyesoma baki kinyume angepata jibu sahihi hapa na kuamini kwamba amejua njia. Ndiyo sababu sipendi 93 iwe mfano wa kwanza, na ukitunga zoezi la wenzako epuka namba za namna hii.

Hatua ya 3: Jumlisha safu kwa safu, ukianzia kulia

Panga namba mbili ili nafasi za mwisho kulia zikae juu ya nyingine. Namba zikiwa na urefu tofauti, ongeza sifuri upande wa kushoto wa ile fupi. Usiongeze kulia kamwe, kwa sababu sifuri moja ya kulia inaikuza namba mara mbili.

Mambo yanayoweza kutokea kwenye safu moja ni manne:

```
0 + 0     = 0
0 + 1     = 1
1 + 1     = 10   (andika 0, beba 1)
1 + 1 + 1 = 11   (andika 1, beba 1)
```

Ni kubeba kule kule ulikofundishwa shule ya msingi. Tofauti ni kwamba hapa hatungoji kufika 10, tunabeba mara tu tunapofika 2. Ukiona umeandika 2 mahali popote kwenye jibu, rudi kwenye safu hiyo.

```
  1   1 1 1
    1 0 1 1 1 0 1
+   1 0 0 1 1 1 0
  ---------------
  1 0 1 0 1 0 1 1
```

Mstari wa juu kabisa ni zile 1 zilizobebwa. Twende nazo. Safu ya kwanza kulia, 1 na 0, ni 1. Ya pili, 0 na 1, ni 1. Ya tatu, 1 na 1: andika 0, beba 1. Ya nne ndiyo inayowaangusha watu: 1 na 1 pamoja na 1 uliyobeba ni tatu, yaani 11, hivyo unaandika 1 na bado unabeba 1. Ya tano, 1 na 0 na 1 ya kubeba: andika 0, beba 1. Ya sita ni 0 na 0, kwa hiyo 1 uliyobeba inashuka yenyewe na hakuna cha kupeleka mbele. Ya saba, 1 na 1: andika 0, beba 1. Hakuna safu nyingine, basi hiyo 1 inaandikwa kushoto.

Jibu ni 10101011. Hakiki: 128 + 32 + 8 + 2 + 1 = 171, na 93 + 78 ni 171.

Andika zile za kubeba juu ya safu zake hata kama unaweza kuzishika kichwani. Kosa la safu moja linavuruga safu zote za kushoto kwake, na bila mstari ule hutajua lilianzia wapi.

Jibu linapozidi nafasi ulizopewa

Swali likitaka jibu la biti 8, yaani tarakimu nane za baineri, kuwa macho. Biti 8 mwisho wake ni 11111111, yaani 255. Jaribu kujumlisha 10101011 na 01011101, yaani 171 na 93. Utapata 100001000, tarakimu tisa, ambayo ni 264. Karatasi yako ina nafasi ya tarakimu ya tisa, lakini baiti moja, yenye biti 8 tu, haina. Ile 1 ya kushoto ikidondoka kinachobaki ni 00001000, na hiyo ni 8. Kwa hiyo kabla ya kukata tarakimu yoyote tazama safu ya nane: kwa namba zisizo hasi, ikibeba 1 kwenda mbele, jumla haikuenea kwenye biti 8. Andika hivyo waziwazi pembeni ya jibu.