Kuhakiki anwani ya msambazaji wa Kariakoo kabla hujatuma advansi

Nanunua pampu za maji na mabomba kwa ajili ya duka letu hapa Morogoro, na mzigo mwingi unatoka Kariakoo. Mwezi uliopita nililetewa profoma ya shilingi milioni 4.6, yenye nembo safi na muhuri wa rangi ya bluu, ikitaka nusu ya pesa kabla ya mzigo kupakiwa. Pamoja nayo kulikuwa na kadi: ghorofa ya 2, makutano ya Mitaa ya Aggrey na Sikukuu. Nitakuonyesha nilivyoihakiki bila kupanda basi.

Hatua ya 1: Tenganisha kinachoonyesha mahali na kisichoonyesha.

S.L.P. weka pembeni. Sanduku liko posta, halikuambii ofisi iko wapi. Namba ya mkononi nayo haina mji. Ya mezani ndiyo inayosema: 022 ni Dar es Salaam, 027 ni kanda ya Arusha, Kilimanjaro na Tanga. Ukikuta anwani ya Kariakoo na simu ya 027, uliza sababu. Huenda ni tawi, lakini waeleze wenyewe. Kadi yangu ilikuwa na namba za mkononi tu. Hilo peke yake si kosa, wengi Kariakoo hawana simu ya mezani siku hizi.

Hatua ya 2: Fungua ramani, tafuta makutano na siyo jina la kampuni.

Ukiandika jina la kampuni, ramani inaweza kukupeleka kwenye alama aliyoiweka mtu yeyote. Ukiandika "Kariakoo" tu, alama itatua katikati ya eneo zima, na wengi huiona wakaridhika. Andika mtaa mmoja, uufuate kwa kidole hadi ukutane na wa pili. Aggrey na Sikukuu zinakatana, kwa hiyo kadi yangu ilipita hapa. Ingesema "Swahili na Sikukuu" ningeishia hapo hapo, maana mitaa hiyo inakwenda sambamba na yote miwili inakatwa na Aggrey.

Kisha vuta ramani karibu uandike majina ya biashara mbili tatu za jirani zenye namba ya simu. Duka la dawa ni zuri sana kwa kazi hii, kwa sababu mhudumu yupo kaunta kutwa nzima. Nilipata moja upande wa pili wa barabara.

Hatua ya 3: Mpigie mwenye kadi, lakini usimtafunie jibu.

Usiulize "Mko Aggrey na Sikukuu, siyo?" Atasema ndiyo. Mimi nilisema: "Kaka, namtuma kijana kesho asubuhi, atashuka mwendokasi Gerezani. Aje vipi mpaka kwenu, na chini ya jengo lenu kuna nini?" Mtu anayefungua ofisi hiyo kila siku atakutajia mtaa wa kukata, duka lililo chini na ngazi zilipo, tena bila kufikiri. Huyu alinyamaza kidogo, akasema, "Akifika tu anipigie, nitamtumia mtu amfuate." Nikauliza tena chini kuna nini. "Maduka, maduka."

Jibu hilo halitoshi kumwita mtu tapeli. Ila nilijua bado sijahakiki chochote.

Hatua ya 4: Mpigie jirani.

Nikapiga duka la dawa. "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Niko Morogoro, kuna mzigo nataka kuagiza. Hilo ghorofa la mbele yenu, juu kuna ofisi gani?" Angalia, sikutaja pampu. Akajibu kwamba ghorofa ya kwanza na ya pili ni stoo za vitenge. Nikamwomba aulize mlinzi wa jengo, kwa kuwa jirani wa barabarani anaweza asijue wapangaji wa juu. Baada ya nusu saa akanirudia: mlinzi hajui ofisi yoyote ya pampu pale.

Hatua ya 5: Mpe mwenye kadi nafasi ya kueleza.

Usiruke hatua hii. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanahama kodi ikipanda, na kadi za zamani zinabaki mikononi mwa watu. Nilishawahi kumpigia mmoja, akasema mara moja, "Tulihama mwaka jana, sasa tuko Msimbazi," akataja duka la jirani na nikalikuta kwenye ramani. Tunafanya naye biashara mpaka leo.

Kwa huyu wa pampu nilimwomba akiwa ofisini anitumie WhatsApp ile "Share live location", ya dakika 15. Usikubali eneo la kawaida, kwani hapo mtu anaweza kuchagua sehemu yoyote kwenye orodha. Hata hiyo ya moja kwa moja inaweza kughushiwa kwa programu, kwa hiyo ilinganishe na maelezo ya jirani. Alisema simu yake haina bando. Nilimwambia nitasubiri mpaka jioni, na jioni hakupokea. Advansi ya milioni 2.3 ikabaki benki.