Kutangaza umepanda cheo LinkedIn bila kusikika kama barua ya ofisi

Jumapili nilikaa na binamu yangu, mhudumu wa kaunta benki, ambaye sasa ni msimamizi wa kaunta. Alikuja na rasimu inayoanza "Nina furaha kubwa kuwatangazia". Tuliifuta yote.

1. Badilisha cheo kwenye wasifu kwanza, huku Notify network ikiwa imezimwa. Ukiiacha wazi, watu wataanza kukupongeza kabla hujaandika neno.

2. Tafuta tukio moja tu. Nilimuuliza nani hasa alimfundisha kazi. Akakumbuka jioni moja fedha za droo yake zilipopungua. Dada aliyemsimamia alivuta kiti akamwambia, "Gawanya upungufu kwa 9." Ukigawanyika bila baki, huenda kuna tarakimu zimegeuzwa: umepokea 450,000, ukaingiza 540,000, umepungukiwa 90,000. Walirudia stakabadhi moja moja, wakaikuta. Tukaanza hivi:

"Jioni ile hesabu iligoma, nikajua kazi imeniponyoka. Dada akavuta kiti, akaniambia nigawanye kwa 9. Kuanzia leo, kiti kile ni changu."

Cheo chenyewe kije baada ya hapo. LinkedIn huonyesha mistari michache ya mwanzo tu na kuficha iliyobaki, kwa hiyo usiipoteze kwa salamu.

3. Muombe ruhusa unayemtaja. Hapa ndipo mimi nilipoungua. Nilipopanda cheo nilimshukuru bosi wangu wa zamani kwa kukesha nami tukisawazisha hesabu za mwisho wa mwezi. Nilidhani namsifu. Kumbe wakubwa wake hawakujua kama hesabu zile zilichelewa, na mmoja wao alisoma. Nilifuta ndani ya saa moja, lakini picha ya skrini ilikwishazunguka, na jioni yote niliimaliza kwenye simu nikiomba radhi.

Siku hizi namtumia mhusika maandishi yote kwa WhatsApp, si kumuuliza tu "naweza kukutaja?", maana hapo kila mtu hukubali. Kosa linalosimuliwa liwe langu, lisiwe lake wala la ofisi. Kwa watu wa benki, jina la mteja, kiasi halisi na tawi visionekane. Zile tarakimu hapo juu nimezitunga. Yule dada alikubali hadithi ila akaomba jina lake lisiwemo, basi alibaki "dada". Angekubali, tungemweka kwa @, yeye peke yake. Ukitaja watu kumi na tano, kila mmoja anaona amewekwa kwenye orodha ya michango ya harusi.

4. Picha iwe ya kawaida. Mabango yenye maputo na neno "Hongera" siyapendi kabisa. Binamu alipiga picha ya kiti kitupu, nyumbani, kwa sababu kaunta ya benki haipigwi picha.

5. Bandika, kisha jibu pongezi kwa majina. "Asante" tupu mara arobaini inachosha hata kusoma.