Shairi la elementi 20 za kwanza, na jinsi ya kulitumia kwenye mtihani

Haya wanangu wa kemistri, wengi mmeniomba hili shairi tunalotumia tuisheni hapa Kisauni, kwa hivyo naliweka lote na maelezo yake. Zile sentensi za kizungu za kukariri zipo nyingi, lakini nyingi zimeunganisha maneno 20 mfululizo bila kituo, mtoto anafika kwa magnesiamu hajui yuko safu gani. Hili nimelikata makusudi pale piriodiki tebo yenyewe inapokatika.

Hotelini Hekaheka,
Lipa Bei Bibi Choma, Nyama Onja Fungu Nene,
Na Mgeni Ala Sima, Pweza Supu Chale Ari,
Kilopikwa Chamalizwa.

Kisa chenyewe ni hoteli imejaa, bibi anachoma nyama, mgeni yuko na sima yake, na Chale kapiga supu ya pweza kapata ari (wapwani mshaelewa, tuendelee).

Hatua ya 1: likariri kwa vituo. Usilisome kama gazeti. Safu ya kwanza maneno 2, ya pili 8, ya tatu 8, ya nne 2. Kwenye zile safu ndefu pumzika baada ya Choma na baada ya Sima, manake kila kipande kina mizani 8 na maneno manne, ukilighani mdomo unasimama wenyewe. Hicho kituo kina kazi yake huko mbele, usikiruke.

Hatua ya 2: toa alama. Hapa ndo wengi huanguka. Kila neno linaanza na alama ya elementi yake, ila alama nyengine ni herufi moja na nyengine ni mbili, na shairi peke yake halikwambii ipi ni ipi. Za herufi moja ziko tisa tu: H, B, C, N, O, F, P, S, K. Hizo zikariri pembeni, zilobaki 11 zote chukua herufi mbili. Tahadhari ni kwa yale maneno ya "ch", sababu kiswahili hakina c peke yake. Choma ni C tu, ukiandika Co hiyo ni kobalti namba 27. Chale ruka "ha" upate Cl. Chamalizwa ruka "h" upate Ca. Ukimaliza inatakiwa usome hivi:

H He
Li Be B C N O F Ne
Na Mg Al Si P S Cl Ar
K Ca

Ukiona umeandika Su au Bi ujue umechukua herufi zaidi. Su hakuna kabisa kwenye tebo, na Bi ni bismathi ambayo iko mbali huko namba 83. Kosa jengine ni S mbili: Sima ni Si yaani silikoni, Supu ni S yaani salfa.

Hatua ya 3: lifanye likupe majibu. Kukariri mpangilio tu hakuna maksi nyingi, faida iko hapa. Nafasi ya neno ukihesabu toka mwanzo ndo atomiki namba. Safu ndo piriodi, yaani idadi ya sheli zenye elektroni. Na nafasi ya neno ndani ya safu yake ndo elektroni za sheli ya nje, ambayo kwa hizi elementi inakupa grupu.

Tuchukue salfa. Supu iko safu ya tatu, kwa hivyo piriodi 3. Kwenye hiyo safu ni neno la sita (baada ya Sima ni la tano Pweza, la sita Supu, ndo kazi ya kile kituo, huhesabu toka moja), kwa hivyo grupu la VI na elektroni 6 nje. Safu mbili za juu zimejaa, 2 na 8. Mpangilio wake basi ni 2.8.6, jumlisha upate 16, na 16 ndo atomiki namba ya salfa. Hapo ushajikagua mwenyewe bila kumuuliza mtu. Sasa endelea: toka Supu mpaka mwisho wa safu yamebaki maneno mawili, Chale na Ari, kwa hivyo inataka elektroni 2 ijae, ndo maana ioni yake ni S²⁻ na ikishikana na haidrojeni unapata H₂S, ile gesi ya kunuka yai viza.

Angalia pia wima: Bei, Mgeni, Chamalizwa wote ni wa pili kwenye safu zao, yaani beriliamu, magnesiamu na kalsiamu, grupu la II. Nene na Ari wanafunga safu, hao ni neoni na agoni, hawataki kushikana na mtu.

Ila Hekaheka usimpeleke grupu la II! Heliamu ni ya pili kweli, ina elektroni 2, lakini sheli ya kwanza inabeba 2 tu kwa hivyo ishajaa, inakaa na kina neoni. Mtihani unapenda sana hapo.

MASWALI

Mzee wa Mji wa Kale: Mwalimu, mizani nakupa, na kina cha kati choma na sima sawa. Lakini nene na ari wapi na wapi? Hili ni guni.

*Jibu:* Shikamoo mzee wangu. Ni guni kweli, nakubali. Neno lazima lianze na Ar, lisizidi mizani mbili, na liishie "ne", nimelikosa. Ukilipata lilete nibadilishe leo leo.

Mtoto wa Likoni: Tica, kwa nini sodiamu ni Na na potasiamu ni K, haziendani hata kidogo?

*Jibu:* Alama zimetoka kwa majina ya kilatini, natriumu na kaliumu. Kwenye shairi shika tu kwamba "Na" inafungua safu ya tatu na Kilopikwa inafungua ya nne, zote grupu la I pamoja na Lipa.

Mama Fomu Tuu: Binti yangu anasema shairi limekosea, kitabuni agoni ni 40 na potasiamu ni 39, kwa hivyo Kilopikwa itangulie Ari.

*Jibu:* Mama, hizo 40 na 39 ni masi, si atomiki namba. Agoni ina protoni 18, potasiamu 19, na tebo inapangwa kwa protoni. Agoni ni nzito sababu atomu zake nyingi zina nyutroni 22, potasiamu nyingi zina 20. Binti yako ana jicho zuri lakini asiihamishe, akiihamisha potasiamu itakaa na gesi zisizoshikana na kitu, na potasiamu ukiitia majini inashika moto.

Kijana wa Changamwe: Mbona safu ya nne umeiachia maneno mawili, tuongeze mpaka zinki basi.

*Jibu:* Maneno unaweza kuongeza, ila ile hesabu ya hatua ya 3 itakudanganya. Baada ya kalsiamu inakuja skandiamu namba 21, na elektroni yake mpya haiendi sheli ya nne, inarudi ya tatu, inakuwa 2.8.9.2. Wewe kwa kuhesabu maneno ungeandika 2.8.8.3. Nyingi zinaenda hivyo hivyo mpaka zinki namba 30 ambayo ni 2.8.18.2, nje bado mbili. Kwa hivyo ukitaka ya kina chuma na shaba tunga shairi jengine, usilibandike kwa hili.