Jinsi ya kujenga mnara wa tenki la lita 2,000: uzito, msingi na bomba za kuingia ndani

Mfano wetu ni nyumba ya kawaida ya Dodoma, ya chini, yenye choo na bafu ndani, inayopata maji kwa mgao. Mnara ni wa zege, nguzo nne, na sakafu ya kukalia tenki iko mita 4 kutoka ardhini.

1. Panga kimo kwa kuangalia bafu

Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya bar 1. Bomba la mvua bafuni huwa kama mita 2 kutoka sakafuni, kwa hiyo mnara wa mita 4 unakuachia mita 2 tu za presha, yaani bar 0.2. Hiyo inatosha kuoga vizuri ikiwa bomba ni pana. Mnara wa mita 3 unakuachia nusu yake, na hapo ndipo watu hulalamika kwamba maji yanachuruzika. Ukitaka kufunga hita ya bafuni, soma kwanza kwenye boksi lake presha ya chini inayohitaji.

Kimo hicho kina sharti moja: maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, lazima yapande yenyewe hadi juu ya tenki, karibu mita 5.5. Siku ya mgao, funga mpira kwenye koki ya nje, upandishe ncha yake hadi kimo hicho uone kama yanatoka. Yasipotoka, utahitaji tenki la chini na pampu.

2. Piga hesabu ya uzito

Lita 2,000 za maji ni kilo 2,000, na tenki lenyewe halifiki kilo 100. Wengi huishia hapo. Zege la mnara huu ni kama mita za ujazo 2.9, na kila mita moja ina kilo 2,400, hivyo mnara peke yake ni karibu tani 7. Jumla ni tani 9, na kila nguzo inapeleka chini tani 2 na robo.

Kitako cha nguzo chenye upana wa sm 90 kwa 90 kinasambaza mzigo huo kuwa chini ya tani 3 kwa mita ya mraba, na ukijumlisha udongo wa kurudishia ni tani 4 na kitu. Udongo mgumu wa changarawe hubeba zaidi ya mara mbili ya hapo bila shida. Minara mingi hupinda kwa sababu kitako kimoja kimezama kuliko vingine. Kitako kikishuka sm 1 tu upande mmoja, juu ya tenki mnara unakuwa umehama karibu sm 4.

3. Chimba hadi udongo usiocheza

Weka alama nne, mita 1.5 kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya nyingine, kisha chimba mashimo ya mita 1 kwa 1, kina mita 1.2. Kwenye miinuko yenye changarawe na itale iliyomeng'enyuka, kina hicho kinatosha.

Kwenye mbuga usitosheke na kipimo. Udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Ukiona nyufa ambazo kidole kinaingia, hiyo ndiyo mbuga. Endelea kuchimba hadi uipite. Ikiwa hata kwenye mita 1.5 bado ni nyeusi, acha vitako vinne na umwage jamvi moja chini ya nguzo zote, mita 2.3 kwa 2.3, unene sm 25, lenye nondo chini na juu. Jamvi likisogea, mnara unasogea wote pamoja. Hapo mwite mhandisi akague shimo kabla ya kumwaga.

4. Suka nondo, mwaga zege

Mwaga kwanza zege jembamba la sm 5 chini ya shimo, lisawazishe. Juu yake panga wavu wa nondo mm 12, kila sm 15, ukiwa umeinuliwa na biskuti, yaani vipande vidogo vya zege, za sm 5 ili usiguse udongo. Kitako kina unene wa sm 25. Nguzo ni sm 23 kwa 23, nondo nne za mm 12, ringi za mm 8 kila sm 15. Funga nguzo kwa bimu za sm 23 kwa 25 mahali pawili, katikati ya kimo na chini ya sakafu ya juu. Bimu za katikati huwa zinarukwa ili kubana gharama. Usiziruke, kwani ndizo zinazozuia nguzo kuyumba upepo unapopiga.

Sakafu ya juu ni mita 1.8 kwa 1.8, unene sm 15, nondo za mm 10. Kabla ya kuimwaga, chomeka ndoano ya nondo kila pembe. Tenki tupu ni jepesi na upepo wa Dodoma hulisukuma. Ndoano hizo ni za kulifungia.

Manunuzi: saruji mifuko 25, nondo za mm 12 kumi na nane, mm 10 nne, mm 8 kumi na sita. Kwa kila mfuko, ukipima kwa ndoo ya lita 20, weka ndoo mbili na nusu za mchanga, ndoo tano za kokoto, na maji yasizidi lita 25. Fundi akiongeza maji ili zege liteleze, nguzo zitatoka na matundu na nguvu itapungua.

Hewa ya hapa ni kavu. Zungushia nguzo magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Mirunda ya chini ya sakafu ikae siku 21, na maji yasipande kabla ya siku 28.

5. Unganisha bomba

Bomba la kuingiza ni robo tatu nchi, na boya juu. La kutolea lianze nchi moja na nusu, kisha geti valvu, kisha yunioni. Likifika nyumbani liwe nchi moja, kwenye matawi robo tatu, na nusu nchi iwe pale mwisho tu penye koki. Ukianza na nusu nchi toka juu, mita zako 2 za presha zinaishia njiani.

Bomba lishuke moja kwa moja hadi chini, lifukiwe sm 45, kisha liingie ndani. Likipandishwa darini na kushuka tena, hewa hujikusanya kwenye kilima hicho: maji yanakatika ingawa tenki limejaa. Mara baada ya geti valvu weka tii yenye bomba la kupumulia linalopanda kupita kimo cha tenki. Kama laini ya DUWASA imeunganishwa pia moja kwa moja na nyumba, weka valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo mgao ukikatika tenki litajimwaga mtaani.

Bana bomba kwenye nguzo kwa klampu kila mita. Likining'inia kwenye tundu la tenki, mpira wa pale utavuja. Bomba la kutolea maji yanayozidi nalo lishuke hadi chini na kumwaga mbali, angalau mita 3. Boya likikwama kwa chumvi, maji yanayodondoka usiku kucha hulowesha kitako kimoja, na mnara huanza kuegemea upande huo.

6. Jaza kwa awamu

Kwa mpira wa pima maji, chora mstari wa usawa mmoja kwenye nguzo zote nne. Jaza theluthi, pima kesho yake. Jaza theluthi mbili, pima. Kisha jaza lote. Rudia baada ya mvua za Machi. Tofauti kati ya nguzo ikifika sm 1, toa maji, tafuta unyevu unatoka wapi, na usijaze tena hadi mhandisi aone msingi.