Spika ya bluetuthi ikikatakata, toa simu mfuko wa nyuma

Saluni yetu hapa Wandegeya, spika ilikuwa inakata kila nikimgeukia mteja, simu ikiwa mfuko wa nyuma. Niliiweka mezani mahali inapoonana na spika, ikatulia. Bluetuthi hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na mwili wa mtu, kwa kuwa umejaa maji, huyameza. Mita 3 na mgongo wako katikati zinaweza kuwa mbaya kuliko mita 8 za wazi. Ruta nyingi za waifai hutumia mawimbi hayohayo, kwa hiyo simu isilale kando ya ruta.

Dawa hii haifai kama sauti haikatiki bali inakwaruza besi ikigonga. Punguza sauti: mkwaruzo ukiisha, huenda ni betri imechoka (umeme ukiwa umeenda tangu asubuhi, hata usiulize), basi chaji. Inakwaruza hata kwa waya, betri imejaa? Hiyo ni ya fundi. Na ikikata simu ikiwa karibu kabisa, futa jina la spika kwenye orodha ya bluetuthi ya simu, zima zote mbili, kisha uunganishe upya.