Kabla hujatuma kianzio cha pawatila, jua picha zake zimetoka wapi

Mvua zikikaribia, watu wa Usangu huanza kutafuta pawatila, na matangazo nayo huongezeka. Tuseme uko Igurusi. Umeona kwenye simu pawatila iliyotumika, na trela lake. Muuzaji anasema iko Makambako, anataka milioni tatu, na kwa kuwa "wateja ni wengi" anaomba utangulize laki tatu akuwekee. Nauli ya kwenda kuiona na kurudi haifiki laki tatu, hilo liweke akilini. Ila hata kabla ya basi, ameshakutumia picha nne, na hizo zinatosha kuanzia.

Hifadhi picha zenyewe kwenye simu. Kama tangazo halikuruhusu, piga skrinishoti, lakini ukate maandishi, saa na alama ya chaji, kwa sababu vikibaki vinaivuruga kazi ya kutafuta mtandaoni picha hiyo imewahi kutokea wapi. Na utafute zote nne. Picha inayoonyesha mashine peke yake haina mengi. Yenye ukuta, watu au gari nyuma ndiyo yenye siri.

Kwenye Android, fungua picha ndani ya Google Photos ubonyeze Lens, kitufe cha Google cha kutafuta kwa kutumia picha. Kama tangazo liko kwenye Chrome, shikilia kidole juu ya picha mpaka menyu itokee, uchague kutafuta kwa Google Lens. Hapo yatamwagika majibu mengi, na wengi hupotelea hapohapo: wanaona pawatila nyekundu kumi, wanapiga kelele "tapeli!" Pawatila za modeli moja zinafanana kama vifaranga wa kuku mmoja, na kufanana si ushahidi. Unachotafuta ni picha ileile. Gusa sehemu iliyoandikwa Exact matches, kisha linganisha vitu vidogo: kivuli cha mpini kimelalia upande gani, mkwaruzo kwenye tangi, tope lililoganda kwenye tairi.

Turudi kwa picha zetu. Ya kwanza haikuleta kitu. Ya pili ni mashine juu ya weupe mtupu, na imetokea kwenye kurasa za wauzaji kadhaa wa nje. Hiyo ni picha ya kiwandani. Duka linalouza mpya likiitumia sioni ubaya, lakini mashine iliyolima misimu mitatu haiwezi kuwa na picha ya kiwandani. Ya tatu imeonekana IndiaMART, soko la mtandaoni la India, na ukiikuza unaona lori nyuma lenye namba inayoanza na TN, yaani Tamil Nadu. Makambako hiyo ni ya wapi?

Ya nne ni picha halisi ya hapa nchini, ila iko pia kwenye tangazo la mtu mwingine, Morogoro, namba ya simu tofauti na bei ya juu zaidi. Hapa usikimbilie hukumu, maana madalali hupeana picha, na muuzaji mmoja anaweza kutangaza sehemu tatu. Angalia nani alitangulia. Ipandishe kwenye tineye.com na upange majibu kwa Oldest. TinEye haikuletei vitu vinavyofanana, hutafuta nakala za picha hiyohiyo, hata iliyokatwa. Tarehe inayoonyesha ni siku TinEye ilipoikuta mara ya kwanza, kwa hiyo picha haiwezi kuwa changa kuliko hapo. Ikikuonyesha 2019 na muuzaji anaapa kaipiga jana, mazungumzo yameisha.

Kutopata kitu, kama kwa ile ya kwanza, hakumsafishi muuzaji. Picha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na makundi ya Facebook yaliyofungwa hazifikiwi na mitambo hii. Wengine huigeuza picha kushoto-kulia ili isitambulike: ukiona maandishi ya injini yanasomeka kinyume, igeuze kwa kihariri cha simu, utafute upya.

Baada ya hapo, omba simu ya video. Picha ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo siku hizi inatengenezwa, kwa hiyo mwambie aanzie kwenye namba ya injini, azunguke mpaka kwenye trela, halafu atoke nje bila kukata. Katikati mwombe jambo ambalo hakujiandaa nalo, kama kuizungusha tairi ya kulia kwa mkono. Mwenye mashine ataona ni usumbufu lakini atafanya. Asiye nayo utasikia kamera imeharibika, au mashine iko shambani kwa shemeji.

Na ile namba ya Morogoro usiiache. Ipigie, uulize kama pawatila bado ipo. Huenda iliuzwa zamani, huenda bado iko uani kwake, na wewe bado unahitaji pawatila.