Kabla ya Machi Mosi: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwenye Saa ya Kalenda

Jambo la kwanza ni kujua saa yako ni ya kundi gani. Saa ya kawaida yenye kidirisha cha tarehe huhesabu siku 31 kila mwezi, kwa hiyo mwenyewe huirekebisha mara tano kwa mwaka: Machi 1, Mei 1, Julai 1, Oktoba 1 na Desemba 1. Saa ya kalenda ya mwaka, ambayo kampuni ya Patek Philippe ya Geneva iliitoa kama saa ya mkononi mwaka 1996, hutambua yenyewe miezi ya siku 30 na ya siku 31. Inachoshindwa ni Februari tu, na ndiyo maana hurekebishwa mara moja, Machi 1. Saa ya kalenda ya kudumu hutambua hata Februari yenye siku 29, kwa sababu magurudumu yake yana mzunguko wa miaka minne, na ikiwa haijasimama hutaigusa tarehe yake mpaka Machi 1, 2100.

Usitegemee maneno ya muuzaji, kwani wapo wanaoita kila saa yenye mwezi na siku ya wiki kuwa ni ya kudumu. Mwambie aiweke Aprili 30, kisha azungushe akrabu mbele, taratibu, zipite usiku wa manane. Ikisoma 31, si ya mwaka wala si ya kudumu. Ikiruka hadi 1, aiweke Februari 28 ya mwaka usio mrefu na arudie. Ya kudumu itasoma 1, na ya mwaka itasoma 29. Jaribio hili linachukua dakika chache tu, na muuzaji anayelikataa muachie saa yake.

Jambo la pili ni nyakati za siku ambazo kalenda haiguswi, na hili nililipia. Mwaka 2022 nilikuwa na saa ya kalenda ya mwaka niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na jioni ya Februari 28 nilikuwa nikifunga mizigo kwa safari ya alfajiri. Nikaona ni busara kuirekebisha mapema ili niamke ikiwa tayari. Ilikuwa saa nne na robo usiku. Nikachukua kijiti, nikabonyeza kitufe kidogo kilichozama ubavuni mwa saa, nikahisi kigumu kuliko siku zote, na badala ya kuacha nikakaza mkono. Tarehe ikasogea, nami nikalala. Asubuhi ile tarehe ilikuwa imekwama kati ya namba mbili, na kutwa nzima haikusogea.

Fundi saa aliifungua mbele yangu na kunionyesha. Ndani ya mashine kuna gurudumu linalozunguka mara moja kwa siku, na juu yake kuna kidole kinachosukuma jino la gurudumu la tarehe. Kidole hicho hakisubiri usiku wa manane ndipo kianze kazi. Katika saa nyingi huanza kugusa meno kuanzia kama saa tatu usiku, na hakijiondoi kabisa mpaka karibu saa tisa usiku. Nilipobonyeza kitufe, kidole kilikuwa kimeshashika jino upande mmoja na mimi nikalisukuma kwa upande mwingine, kikapinda. Kipuri hakikupatikana nchini, na saa ilikaa kwa fundi miezi minne. Uzito ule wa kitufe ndio uliokuwa dalili: kikiwa kigumu kuliko kawaida, ondoa mkono mara moja.

Hata kama kitu kisingevunjika, bado ningekuwa nimekosea. Ukiifikisha saa Machi 1 wakati bado ni usiku wa Februari 28, ikipita usiku wa manane itasoma 2, nawe utaanza mwezi ukiwa mbele kwa siku moja. Marekebisho ya Februari hayafanywi Februari. Hufanywa Machi 1 kukishapambazuka.

Hivi ndivyo inavyofanyika. Asubuhi ya Machi 1, 2025, saa ya kalenda ya mwaka ilikuwa ikisoma 29, kwa sababu mwaka ule Februari iliishia 28. Mwenye saa alisubiri kama saa mbili asubuhi, akabonyeza kitufe cha tarehe hatua moja moja mpaka namba ikasoma 1, kisha akahakikisha kuwa mwezi unasoma Machi. Katika mwaka mrefu, kama ilivyokuwa Machi 1, 2024, kazi hupungua kwa hatua moja, maana saa huamka ikisoma 30. Usihesabu mibonyezo bila kutazama. Baadhi ya mashine huichukulia Februari kuwa na siku 30 na nyingine huipa 31, kwa hiyo idadi ya hatua hutofautiana. Tazama uso wa saa.

Ikiwa saa imesimama, kuna mtego mwingine. Akrabu fupi ikiwa kwenye 10, huwezi kujua kwa kuitazama kama mashine inadhani ni saa nne asubuhi au saa nne usiku. Zungusha akrabu mbele mpaka uone tarehe inabadilika; hapo ndipo usiku wa manane. Endelea mbele mpaka akrabu fupi ifike kwenye 6, ambayo sasa una hakika kuwa ni ya alfajiri, ndipo urekebishe kalenda, na mwisho uweke wakati.

Wenye saa za kudumu wasijione wamesalimika. Saa hizi hukosewa mara chache, lakini kosa lake hukaa kimya muda mrefu. Angalia kidirisha cha mwaka: 2024 ulikuwa mwaka mrefu, hivyo 2025 ni wa kwanza, 2026 wa pili, 2027 wa tatu, na 2028 ni mrefu tena. Mtu akiiweka saa mwaka 2026 kana kwamba ni wa tatu, kila kitu kitakwenda sawa hadi Machi 1, 2027, ambapo saa itasoma Februari 29.

Vilevile, uliza kabla ya kununua kama kalenda inarudi nyuma. Katika baadhi ya saa za kudumu, tarehe, siku, mwezi na mwaka vyote vinaendeshwa pamoja kwa kifundo kimoja, mbele tu. Kaka yangu aliipitiliza ya kwake siku tatu kwa haraka, na hakuna alichoweza kufanya ila kuisimamisha na kusubiri siku hizo tatu zipite. Angeipitiliza kwa miezi, ingelazimu kuipeleka kwa fundi.

Msafiri anayerudisha akrabu nyuma kwa sababu ya tofauti ya saa asizivushe usiku wa manane kinyumenyume. Ni bora aisimamishe saa na kusubiri. Kijiti kiwe kile kilichokuja na saa, au cha mbao, si pini. Saa isiyovaliwa itiwe ufunguo kabla haijasimama, au iachwe isimame kabisa na kuwekwa upya kwa mpangilio. Na atakayerithi saa ya kudumu aandikiwe kwenye karatasi ndani ya kisanduku chake kwamba mwaka 2100 si mrefu, kwa kuwa kalenda ya Gregori huuacha mwaka wa karne usiogawanyika kwa 400, na kwamba Machi 1 ya mwaka huo saa itasoma Februari 29: aisogeze siku moja, mchana.